Jina Lililo Pichani

Kitambulisho kikiokotwa Mabanga, Bungoma, si ajabu picha yake kuzungushwa kwenye vikundi vya WhatsApp mpaka mwenyewe apatikane. Kwa kazi hiyo jina linatosha, kwa kuwa anayekuja kukidai ataangaliwa uso. Ugumu huanza pale mwenye hati asipoweza kuulizwa.

*

Juni 2011, askari wa serikali ya mpito ya Somalia waliwaua wanaume wawili usiku kwenye kizuizi cha barabarani mjini Mogadishu. Mmoja wao alikuwa na pasipoti ya Afrika Kusini yenye jina Daniel Robinson. Uso uliokuwa kwenye pasipoti ulikuwa wake kweli; jina halikuwa lake. Maiti ilizikwa, kisha ikafukuliwa baada ya maofisa kushuku kwamba huenda aliyeuawa ni mtu mkubwa. Vipimo vya vinasaba vilionyesha kuwa ni Fazul Abdullah Mohammed, mzaliwa wa Komoro aliyesakwa tangu milipuko ya Nairobi na Dar es Salaam ya tarehe 7 Agosti 1998.

Angekuwapo mtu wa kuandika habari kwa kutazama ile pasipoti tu, angetangaza kifo cha Robinson.

*

Picha ya hati yenyewe inaweza kupimwa kidogo. Chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti kuna mistari miwili ya kusomwa na mashine, na tarehe ya kuzaliwa hufuatwa na tarakimu moja ya kuihakiki. Chukua mfano wa kubuni: mtu aliyezaliwa 14 Machi 1985 huandikwa 850314. Kila tarakimu huzidishwa kwa 7, 3, 1, kisha tena 7, 3, 1: 56, 15, 0, 21, 3, 4. Jumla ni 99, na tarakimu yake ya mwisho, 9, ndiyo inayopaswa kufuata.

Ikisomeka 4, kuna shida: ama picha imefifia, ama hati imechezewa. Ikisomeka 9, bado hakuna kilichothibitika, maana mghushi naye anajua kuzidisha. Isitoshe, picha haionyeshi karatasi inavyohisiwa kidoleni wala alama zinazobadilika rangi hati inapoinamishwa. Na hati halali iliyopatikana kwa maelezo ya uongo hupita vipimo vyote hivi.

*

Hata hivyo, jina la uongo si la kutupwa. Félicien Kabuga, aliyesakwa kwa mauaji ya kimbari ya Rwanda, alikamatwa karibu na Paris tarehe 16 Mei 2020 akiishi kwa jina Antoine Tounga, lililokuwa kwenye pasipoti ya Kongo. Jina kama hilo huacha nyayo kila linapoandikwa, iwe kwenye mkataba wa nyumba au faili la hospitali, na mpelelezi anaweza kuzifuata hata kama hajui bado ni nani aliyeliazima. Kabuga naye alithibitishwa kwa vinasaba.