Tusingoje mpiga kinanda arudi: kodi za nyimbo zetu tuzitoe kwenye rekodi

Ndugu zetu vijana wa Nyarugusu na nyie mlioko kambi zingine, leo tunaongelea kodi. Si kodi ya serikali, ni kodi za gitaa na kinanda. Na tunasema wazi msimamo wetu tangu mwanzo: kila kikundi cha kwaya au bendi ya kambini kiwe na angalau watu wawili wanaojua kutoa kodi za wimbo kwa sikio, kwenye simu ya kawaida, bila kumsubiri fundi.

Sababu mnaijua. Huku kwetu mpiga kinanda anaitwa kwenye mahojiano ya kuhamia nchi ya tatu, baada ya miezi au miaka anapanda ndege, na kichwa chake anaenda nacho. Kodi zote zilikuwa kichwani. Kinachobaki ni rekodi iliyozungushwa kwenye simu mpaka imechoka. Basi anayefuata anapiga Sol, Do na Ré kwenye kila kitu, watu wanaimba juu yake, na baada ya mwaka mmoja wimbo umekuwa mwingine. Wapo wanaosema hizo tatu zinatosha, nyimbo za kwaya zote ni sawa. Hatukubaliani nao, na chini tutaonyesha ni wapi hasa haziwi sawa.

Kwanza rekodi yenyewe. Mtu akiweka simu karibu na redio, akarekodi ujumbe wa sauti wa WhatsApp na kukutumia, amekutumia maneno ya wimbo lakini besi amebaki nayo kwake. Mwambie atume faili lenyewe, kwa kuchagua Document. Halafu usisikilize kwa spika ya simu. Sol ya chini ya gitaa la besi inatikisika kama mara 49 kwa sekunde, na kaspika kale ka simu hakana uwezo wa kuitoa. Unachosikia ni mwangwi wake wa juu tu. Hedifoni hata za bei ya chini zinashinda. Hapo bado hatujagusa gitaa.

Programu tunayotumia ni VLC, kwa sababu ni ya bure na ukishaiweka haili bando. Ndani ya menyu yake kuna mambo mawili: Playback speed, inayopunguza mwendo bila kushusha sauti ya wimbo, na A-B repeat, inayokuwekea alama ya mwanzo na alama ya mwisho ili kipande kilicho katikati kijirudie chenyewe. Sisi hicho kipande tunakiita kitanzi.

Sasa hapa ndo tunatofautiana na wengi. Ukimwonyesha mtu kwamba wimbo unaweza kupunguzwa mwendo, anaupeleka moja kwa moja mpaka 0.50x na kukaa hapo. Anadhani ukienda polepole zaidi utasikia vizuri zaidi. Si kweli. Ili sauti isishuke, programu inakatakata wimbo vipande vidogo sana na kuviunganisha upya kwa kuvivuta. Kwenye nusu ya mwendo unasikia maji maji, ngoma inajirudia kama ina mwangwi, na besi inakuwa ukungu. Kodi inakuwa ndefu kweli, lakini chafu. Sisi tunasikiliza kodi kwenye 0.75x. Mwendo wa 0.50x tunautumia kwa kazi moja tu: kuweka alama.

Kwa nini kuweka alama? Chukua wimbo wa mapigo 100 kwa dakika. Pigo moja ni sekunde 0.6. Kidole chako kikichelewa robo sekunde, umekosea karibu nusu ya pigo, na kitanzi chako kimeanza mahali pasipo na maana. Ukipunguza mpaka nusu, pigo linakuwa sekunde 1.2, robo sekunde ile ile inakuwa kosa dogo. Basi weka alama ya A hapo hapo besi inapogonga, B mahali pigo la kwanza la kipimo kinachofuata linapotaka kuingia, kisha rudisha mwendo 0.75x. Utajuaje umepatia? Gonga mguu. Kama kitanzi kikirudi mwanzo mguu wako haujikwai, alama ziko sawa. Kama wimbo unachechemea kila ukirudi, rekebisha kwanza, usianze kubishana kuhusu kodi.

Tuwape mfano tuliofanyia kazi. Ni kiitikio cha wimbo wa kwaya ambao mtunzi wake hayupo tena kambini. Rekodi ilitoka kaseti ikaingia kwenye simu. Vipimo vinane, kila kimoja mapigo manne, mwendo ni huo huo wa 100. Kaseti huwa hazizunguki kwa mwendo mmoja, kwa hiyo wimbo uko katikati, si Sol wala Sol dièse. VLC haina cha kutusaidia hapo. Tulichofanya ni kufunga kitanzi kwenye kipimo cha mwisho, ambapo wimbo unatulia nyumbani, tukakaza nyuzi za gitaa kidogo kidogo mpaka Sol yetu ikaacha kupigana na ya kwenye rekodi. Ukikosa hatua hii kila kodi utakayojaribu itasikika mbaya, na utaitupa hata iliyo sahihi.

Halafu tunaenda kwa besi peke yake. Usitafute kodi nzima. Imba noti ya besi, itafute kwenye uzi wa sita au wa tano, andika. Kitanzi cha kipimo kimoja kimoja. Besi ilitupa Sol, Sol, Do, Sol kwa vipimo vinne vya kwanza. Vitatu vya mwisho vikawa Do, Ré, Sol. Hakuna ugomvi.

Ugomvi uko kipimo cha tano. Hapo besi inapiga Sol kwa mapigo mawili, halafu inaruka kwenye Si kwa mapigo mawili, na kutoka Si inaingia Do ya kipimo cha sita. Wa kundi la kwanza walisema: besi ni Si, basi kodi ni Si maina. Kundi la pili wakasema ni Sol ile ile, besi tu ndo imehama. Mabishano kama haya kwenye kwaya yanaishaga kwa mwenye sauti kubwa. Sisi tunasema yaishe kwa kitanzi.

Angalia noti zenyewe. Si maina ni Si, Ré na Fa dièse. Sol ni Sol, Si na Ré. Si na Ré ziko kwenye zote mbili, kwa hiyo kuzisikia hakusaidii chochote. Tofauti yote ni noti moja: je, ndani kuna Sol, au kuna Fa dièse? Swali limekuwa dogo. Tukafunga kitanzi cha mapigo mawili ya mwisho tu ya kipimo cha tano, kama sekunde 1.6 kwenye 0.75x, tukakiacha kizunguke. Mmoja akapiga Fa dièse peke yake kwenye gitaa, juu ya kitanzi. Inasugua, yani unasikia kabisa sauti mbili zilizobanana zinatetemeshana. Akapiga Sol. Ikazama ndani ya wimbo, huisikii tena. Basi ni Sol yenye besi ya Si. Kwenye gitaa ni rahisi: shika Sol yako ya kawaida ila usiguse uzi wa sita, uzi wa tano kwenye freti ya pili ndo uwe wa chini kabisa.

Na hapa ndo jibu letu kwa wenzetu wa kodi tatu. Kwa jina la kodi walikuwa sahihi, ni Sol. Lakini ukipiga Sol ya kawaida kipimo chote, ile ngazi ya Sol, Si, Do inapotea, na ni hiyo ngazi inayowanyanyua soprano kuingia kwenye maneno ya kipimo cha sita. Ukiiondoa, waimbaji wanaingia kwa kusitasita, halafu wanalaumiwa hawajafanya mazoezi.

Kuna mitego miwili ya kitanzi. Wa kwanza: mwimbaji anapita. Kama soprano anashuka kwenye Fa dièse akielekea Mi, ukikata kitanzi kifupi pale pale utaapa kwamba Fa dièse ni ya kodi. Sikiliza gitaa la ridhim au kinanda, si mwimbaji. Noti ya kodi inakaa, ya kupita inapita. Wa pili: kitanzi chenyewe kinaunganisha vitu ambavyo havijaungana. Ukifunga kipimo cha tano mpaka cha saba, kila mzunguko utasikia Ré ikirudi Sol, utadhani wimbo umefika nyumbani, kumbe ni alama yako ya B imegusana na A. Kwa hiyo ukimaliza kitanzi, futa alama, cheza wimbo kuanzia vipimo viwili nyuma, upige nao mpaka upite.

Njia ya besi kwanza ina mpaka wake, tusidanganyane. Kwenye sebene ya kwetu Kongo mpiga besi haanzi kila mara na noti ya kodi. Anaweza kuacha pigo la kwanza tupu, akaingia na noti ya tano. Huko usiamini noti ya kwanza. Sikiliza mzunguko wote wa vipimo viwili au vinne, kisha ulizia gitaa la ridhim. Kizuri ni kwamba sebene nyingi mzunguko wake wa kodi ni mfupi na unakaa hivyo hivyo kwa dakika kadhaa. Ukiupata umeupata. Kazi ngumu ya sebene ni gitaa la solo, na hiyo ni habari nyingine.

Jambo la mwisho ni kuandika. Sisi wa Kongo na Burundi tunasema Sol, wenzetu Watanzania wanasema G, na mwalimu wa kwaya wa hapa akisema "do" anamaanisha nyumbani kwa wimbo, popote palipo. Tumeona watu watatu wakikubaliana bila kujua wamekubaliana. Tunapendekeza tuandike namba: nyumbani ni 1, na kuendelea. Kiitikio chetu kinakuwa hivi:

```
1 | 1 | 4 | 1
1 1/3 | 4 | 5 | 1
```

Hiyo 1/3 maana yake kodi ya kwanza, besi kwenye noti ya tatu. Soprano wakisema wimbo uko juu sana, unahamia ufunguo mwingine na namba hazibadiliki. Kipige picha, kitumeni kwenye kundi pamoja na faili la wimbo, na kinakiliwe pia kwenye daftari la kwaya, maana simu nazo zinasafiri.

Wenzetu wa Nakivale tunajua mnasikiliza kwenye 0.60x na mnasema inatosha. Leteni kipimo kimoja kigumu, tukifunge kitanzi wote, tuone nani anasikia nini.