Maswali tisa hayatoshi kumtambua mgonjwa wa baipola

Mgonjwa anayefika kliniki amenyong'onyea huweza kupewa dodoso la PHQ-9, ambalo lipo pia kwa Kiswahili. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: huzuni, usingizi, hamu ya kula, uchovu, mawazo ya kujidhuru. Hakuna hata moja linalouliza kama mtu huyo amewahi kupanda kupita kawaida yake. Akijibu kwa ukweli mtupu, bado anaweza kutoka na jina la ugonjwa usio wake.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani wa miaka 24. Mwezi Machi alishona mpaka saa nane za usiku kwa siku tano mfululizo. Alilala kwa saa tatu tu na kuamka mzima kabisa. Aliongea haraka, akapokea vitambaa vya wateja wengi kuliko uwezo wake, akakopa kwenye kikundi na kununua cherehani ya pili. Majirani walisema biashara imemchangamsha. Mwezi Mei akaanguka. Hakuweza kuoga, vitambaa vikarundikana chini ya meza, na wateja wakaanza kugonga mlango. Ndipo alipokwenda kutibiwa, akaeleza habari za Mei. Za Machi hakuzitaja, kwa kuwa kwake Machi ulikuwa mwezi mzuri.

Siku zile tano ndizo zenye jibu. Wataalamu huziita haipomania: kupanda kwa hisia na nguvu kwa siku nne au zaidi, kiasi cha watu kuona mtu amebadilika, lakini bila kupoteza uhalisia wala kuhitaji kulazwa. Haipomania pamoja na sonona kamili ndiyo baipola ya aina ya pili.

Aina ya kwanza ina mania, ambayo hudumu wiki nzima au zaidi, au muda wowote ikibidi mgonjwa alazwe. Huyu anaweza kugawa akiba yote ya nyumba kwa asubuhi moja, akaamini ametumwa kuokoa taifa, au akasikia sauti. Mania moja inatosha kuthibitisha aina hii, hata kama hajawahi kuwa na sonona. Ndugu humfunga kamba, humpeleka kwa mganga au kwenye maombi, au humfikisha hospitali ya Mirembe au Mathari. Kwa vyovyote vile, hakuna anayesema ni mzima. Hata hivyo, naye anaweza kukosewa iwapo sonona ilitangulia na mania haijatokea bado.

Wapo wanaodhani aina ya pili ni nyepesi kwa sababu haina kelele. Tunakataa. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003, wagonjwa wa aina ya pili walifuatiliwa kwa wastani wa zaidi ya miaka 13. Karibu nusu ya wiki zote walikuwa na dalili za sonona, na haipomania ilichukua kama asilimia 1 tu. Daktari anayemwona mgonjwa kwa dakika kumi karibu daima atamkuta chini. Kosa linazaliwa hapo, na linaweza kudumu miaka mingi.

Fundi wetu akipewa amitriptilini au fluoksetini peke yake, anaweza asipone, au akapanda ghafla: anakosa usingizi, anakuwa na hasira, mawazo yanakimbizana. Si kila mgonjwa hupata hivyo, lakini likitokea lisichukuliwe kuwa ukaidi wa mgonjwa. Huenda anahitaji dawa ya kutuliza hisia kama lithiamu, ambayo nayo hudai kupimwa kiwango chake katika damu, pamoja na figo na tezi ya shingo. Asiache dawa alizonazo kwa uamuzi wake mwenyewe. Arudi kwa daktari upesi.

Tunataka wizara za afya za eneo letu ziagize jambo moja: dawa ya sonona isiandikwe kabla mgonjwa hajaulizwa kuhusu siku zake za juu, na kwa ridhaa yake aulizwe pia mtu anayeishi naye. Tahadhari iongezeke kama sonona ilianza kabla ya miaka 25, imerudi mara nyingi, imeanza baada ya kujifungua, au kuna ndugu mwenye baipola.

Wala swali lisiwe, "Umewahi kuwa na furaha sana?" Kila mtu amewahi. Aulizwe: "Kuna siku ulilala kwa saa tatu tu, ukaamka bila uchovu, na watu wakasema umebadilika?" Asiyepata usingizi kwa sababu ya sonona huamka amechoka. Fundi aliamka akawasha cherehani, na dada yake anayelala chumba hichohicho alimsikia usiku wa siku zote tano.