Ukitaka Kumuacha Mtu kwa Meseji, Mwache Kweli

Jumamosi moja asubuhi dada mmoja mwalimu wa Nansio alipanda meli kuja Mwanza, mkononi kabeba sato wawili wa kumpikia mchumba. Alipofika bandarini akapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena na tena, wapi! Alikaa pale hadi samaki wakaanza kulainika, akaenda kulala kwa shoga yake Kirumba.

Jamaa mwenyewe ni mtangazaji, sauti yake inajulikana mjini. Yeye alishahesabu kwamba wameachana. Si alituma meseji wiki iliyopita? Meseji yenyewe ilikuwa hivi: "Mambo vipi bebi. Nipo bize sana siku hizi, naona tupumzike kidogo, mbele tutaona."

Jamani, hapo nani ameachwa? Dada alisoma akaona mpenzi wake kachoka na kazi. Akamjibu, "Pole, pumzika, Jumamosi nakuja nikupikie." Jamaa akauchuna. Baadaye akajitetea kwa marafiki kwamba hakutaka kumuumiza. Ukweli ni kwamba hakutaka kuona anavyoumia, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Wengi husema kuachana kwa meseji ni dharau. Si lazima iwe hivyo. Kwa watu waliotenganishwa na maji, kumwita mtu avuke ziwa aje aambiwe "basi," kisha arudi peke yake kwenye meli akilia mbele za watu, nayo ni adhabu. Meseji inampa nafasi ya kulia chumbani kwake. Dharau iko kwenye maneno.

Jamaa angeweza kuandika hivi:

"Habari za jioni, Mwalimu. Nimeamua tuachane. Nimelifikiria muda mrefu na sitabadili mawazo. Moyo wangu haupo tena kwenye uhusiano huu, na si kwamba umenikosea. Umenitendea mema, nakushukuru. Nisamehe kwa kukuambia kwa simu. Ile elfu sitini uliyonikopesha naituma leo. Ukiwa na swali, nipigie kesho jioni, nitapokea."

Neno "tuachane" limekuja mwanzoni kabisa, na kuna sababu. Meseji ya kawaida hubeba herufi 160. Ikizidi hukatwa vipande, na mtandao ukisumbua kipande cha mwisho kinaweza kutangulia. Mtu anaweza kuanza kusoma "umenitendea mema" akadhani anasifiwa. Kwa hiyo uamuzi ukae juu, shukrani zifuate.

Sababu ni moja tu, na inamhusu anayeondoka. Ukianza kuorodhesha makosa ya mwenzako, umefungua kesi, naye atajitetea: "Nitabadilika." Hapo utaandika meseji arobaini usiku kucha. Vilevile "bebi" limeondoka. Huwezi kumuita mtu bebi huku unamfungulia mlango. "Labda," "kwa sasa" na "Mungu akipenda tutarudiana" nayo yaachwe, maana aliyeachwa hushika hapo hapo na kusubiri miezi.

Saa nayo ina maana. Usitume saa nne asubuhi wakati mwenzako yuko darasani mbele ya watoto, wala usiku wa manane. Jioni akiwa nyumbani, shoga zake wakiwa macho, ndiyo afadhali. Na usiweke picha ya mpenzi mpya kwenye stetasi kabla hujaona tiki mbili. Visiwani mtandao hupotea. Habari itamfika kwa majirani kwanza.

Ila kuna mahali meseji haitoshi. Kama posa imepelekwa, wazee wamekaa, wazee warudiwe. Kama kuna mtoto au mmeishi pamoja, kaeni chini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inawachukulia watu waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kama mume na mke kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vingine. Hilo halimalizwi na "kwaheri." Kinyume chake, kama mwenzako ana mkono mwepesi, meseji ndiyo usalama wako. Andika ukiwa mbali, na usikubali "tuonane mara ya mwisho."

Yule mtangazaji alikuja kuandika meseji ya maana wiki tatu baadaye, baada ya shoga wa Kirumba kumfuata kazini. Mwalimu hakutukana wala hakumwaga siri. Alijibu mstari mmoja:

"Asante kwa kuniambia. Ungesema siku ile, ningebaki na nauli yangu na samaki wangu."