Vidonge vya Malaria Vilivyobaki Visibebwe Safarini

Ndugu zangu wa Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, mkoa wetu una malaria kidogo sana: vipimo vya kitaifa vimeonyesha maambukizi chini ya asilimia 1. Lakini tunasafiri. Tunakwenda Kagera, Geita na Kigoma kwa biashara na misiba, na wengine hubeba vidonge vya dawa mseto, ALu, vilivyobaki nyumbani. Naomba tuache desturi hiyo.

ALu ina dawa mbili. Artemeta huua vimelea haraka, hata vikiwa vichanga ndani ya chembe nyekundu za damu, lakini huisha mwilini baada ya saa chache. Lumefantrini hukaa siku kadhaa na kumalizia vilivyosalia. Vimelea vilivyo kwenye ini, ambako hukua kwa takribani wiki moja baada ya mbu kuuma, ALu haiviui.

Tuseme msafiri ameumwa na mbu Karagwe, na siku ya tatu anameza vidonge vinne ndani ya basi, eti kwa tahadhari. Vimelea vyake bado viko kwenye ini. Vikiingia kwenye damu siku chache baadaye, artemeta haipo tena na lumefantrini imebaki kidogo. Kidogo hicho huua vimelea dhaifu. Vile ambavyo vinasaba vyake vinastahimili dawa hubaki, huzaliana, na mbu akija huvichukua. Usugu huota hivyo.

Tumeshaupitia mkasa huu. Kwa sababu ya usugu, mwaka 2001 Tanzania iliacha klorokwini kama tiba ya kwanza na kuchukua SP, na mwaka 2006 SP nayo ikaipisha ALu. Mwaka 2022, utafiti uliofanyika Karagwe ulikuta vimelea vyenye badiliko la kinasaba liitwalo R561H. Kwa baadhi ya wagonjwa, vimelea bado vilionekana kwenye damu siku ya tatu ya matibabu, wakati vilipaswa kuwa vimetoweka. Wagonjwa wengi walipona, kwa sababu lumefantrini ilimaliza kazi ambayo artemeta ilichelewa kuifanya. Lumefantrini nayo ikishindwa, tutakuwa tumeipoteza ALu.

Basi, ukirudi safarini ukapata homa, hata wiki mbili au tatu baadaye, nenda kituo cha afya upime damu, na mweleze mhudumu ulikotoka. Ukikutwa na malaria, mtu mzima humeza vidonge vinne mara sita: vya pili saa 8 baada ya vya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili. Meza pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, maana bila mafuta lumefantrini haifyonzwi vizuri. Homa ikishuka siku ya pili, endelea hadi kidonge cha 24. Ikiwa siku ya tatu bado unaumwa, rudi ukapimwe tena. Na usimwachie jirani hata kidonge kimoja.