Saa Mbili za Rejista

Kikao cha saa 3 na kingine cha saa 5 humwachia tabibu wa kituo cha afya, hapa mwambao wa Kilwa, vipande tu vya asubuhi. Rejista za MTUHA hazihesabiki kwa vipande: akikatizwa katikati ya ukurasa, jumla ya ripoti hutofautiana na rejista, na mahitaji ya dawa hukadiriwa kwa takwimu zenye kasoro.

Vikao na vihamie saa 8 mchana, foleni ikipungua. Jumanne, saa 3 hadi 5, tabibu ahesabu na mwenzake apokee wagonjwa. Dharura pekee ivunje kipindi hicho, nacho kirudishwe Alhamisi. Zahanati yenye mhudumu mmoja ihesabu baada ya foleni kwisha, kwani mgonjwa hasubirishwi kwa ajili ya karatasi.