Kahawa ya kijiko: wenye butike waonyeshe paketi

Minembwe, Fizi. Kuanzia Baraka hadi huku kwenye milima ya juu, familia nyingi zilizokimbia vijiji vyao hazina uwezo wa kununua paketi nzima ya kahawa. Wananunua kijiko kimoja kwenye kisashe kilichofungwa fundo. Kuuza kijiko si kosa. Kosa ni kuficha paketi iliyotolewa kahawa hiyo, maana kila kitu cha kujua kimeandikwa pale.

Mnunuzi akiuliza kama kahawa ni ya zamani, anajibiwa: "Bado haijapita tarehe." Tuseme paketi ina MFG na EXP, na EXP bado haijafika. MFG ni siku ya kutengenezwa, EXP ni ya mwisho. Lakini ile EXP inahesabiwa kwa paketi iliyofungwa. Ikisha kupasuliwa, kahawa ya unga inapoteza harufu yake ndani ya wiki chache tu, kwa sababu hewa inaingia kwenye kila chembe. Mbegu nzima zinavumilia zaidi. Basi paketi iliyopasuliwa miezi mitano iliyopita ni halali kwa tarehe, lakini kikombeni ni maji meusi. Mwenye butike anajua hivyo, na bado anataka bei ileile.

Kuna namna rahisi ya kupima. Tia kijiko kwenye kikombe, mwagia maji ya moto. Kahawa iliyokaangwa karibuni inavimba na kutoa povu. Iliyochoka inalala tu, na harufu yake ni kama karatasi au mafuta ya zamani.

Wengine wanadanganywa na rangi. Wanaambiwa nyeusi sana ndiyo yenye nguvu. Hapana. Weusi ni moto wa kukaanga. Unaongeza uchungu, hauongezi nguvu ya kufukuza usingizi, na unaweza kuficha mbegu mbaya. Anayependa kuchanganya na maziwa, kama wengi huku Minembwe, anaweza kuchagua iliyokaangwa sana. Lakini asilipe zaidi kwa ajili ya weusi.

Halafu kuna unga wenyewe. Mama mmoja alinunua kisashe akidhani ni kahawa ya kuyeyuka. Akakoroga, akakoroga, watoto wakanywa machicha. Kwenye paketi ilikuwa imeandikwa kwamba ni ya kuchemsha, lakini paketi aliiona wapi? Kwa sufuria, unga mnene ni bora: unazama upesi. Ulio laini sana unaelea na kuleta uchungu.

Majani ya chai yanavumilia zaidi kidogo kuliko kahawa, lakini nayo yanaharibika kwa unyevu, na yakiwekwa karibu na sabuni au samaki yananusa hivyo hivyo.

Wenye butike watasema hawana muda. Kuandika kwa kalamu siku paketi ilipopasuliwa, na kuiacha mezani mbele ya mnunuzi, ni kazi ya dakika moja.