Bi harusi, soma kibati kabla pasi haijafungwa kwenye begi

Hapa Moshi, msimu wa harusi ukikaribia, picha huanza kuingia kwenye simu: shangazi yuko Jeddah, ameona pasi nzuri, anauliza aichukue? Sisi tunajibu rangi. Mimi nasema tumwombe kwanza ageuze pasi apige picha ya kibati, maana zawadi inaweza kuwa mpya na bado isifae nyumbani kwako.

Kibati cha Kiarabu hakitutishi. Neno *jahd*, ndugu wa juhudi, ndiyo volti. *Qudra*, yaani kudura yetu, ndiyo nguvu, nayo huhesabiwa kwa wati. Tarakimu tumezisoma chuoni, ila macho husahau: ٥ ni tano ingawa inafanana na sifuri, sifuri yenyewe ni kinukta, na ٦ ni sita ingawa inafanana na saba. Kwa hiyo ٥٠ ni hamsini, na ٦٠ ni sitini. Namba husomwa kutoka kushoto, hata kama maneno yanatoka kulia.

Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Oman na Dubai wanakaribiana nasi. Saudia ilitumia volti 127 majumbani kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuhamia 230, na hezi zao ni 60. Kwa hiyo kitu cha zamani au mtumba kutoka huko kinaweza kuandikwa ١٢٧.

Chukua pasi ya wati 1000 iliyoandikwa ١٢٧ pekee. Ukiichomeka kwetu, volti zimezidi karibu mara 1.8, lakini joto huzidi kwa 1.8 mara 1.8, yaani zaidi ya mara tatu. Pasi ya wati 1000 inavuta karibu 3,280. Usiitegemee fyuzi ya plagi: ile ya ampea 13 haikatiki upesi kwa ziada ndogo hivyo, na waya wa pasi utaungua kwanza. Transfoma ya kubeba pasi ni nzito na ghali, afadhali uiache dukani.

Ikiandikwa ٢٢٠ na ٦٠, pasi itafanya kazi, kwa kuwa joto halijali hezi. Feni au friji ni habari nyingine: mota ya hezi 60 pekee huzunguka polepole kwetu na huweza kupata moto kupita kiasi. Tafuta iliyoandikwa 50/60.

Alama ya G ya nchi za Ghuba husema kifaa kimekidhi masharti yao ya usalama. Haisemi kwamba volti zake ni zako. Mraba ndani ya mraba maana yake kimekingwa mara mbili, hakihitaji waya wa ethi. Kisicho na mraba huo, kama pasi nyingi za chuma, kinahitaji ethi ya kweli ukutani, basi usikubali fundi akate plagi aweke ya miguu miwili.

Rangi ya pasi tutaizungumza baada ya hapo.